Kabla ya mikro kuzimika: sentensi za kuandaa mapema

Mikro ilinizimikia mbele ya akina mama wa soko wapatao tisini, katika ukumbi wa bati huko Kadutu, mwezi wa 10, mvua ndiyo kwanza ikianza kudondoka. Nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya. Nikaigonga mikro kwa kidole, nikasema "alo, alo", kisha nikamgeukia mtu wa sono: "Papa, kuna nini tena?" Watu wote wakageuka kumtazama yule maskini akihangaika na nyaya. Sauti iliporudi, nusu ya ukumbi ilikuwa katika mazungumzo yake, na kuwarudisha kulinichukua muda mrefu kuliko hitilafu yenyewe.

Tangu siku ile sipandi jukwaani bila kadi ya sentensi za akiba katika mfuko wa shati. Ni karatasi ngumu, maandishi makubwa. Siweki katika simu, kwa sababu umeme ukikatika simu ndiyo inayogeuka kuwa tochi.

Sentensi ya akiba naipima kwa swali moja: je, kuna kitu ndani yake ambacho msikilizaji anaweza kukifanya sasa hivi? "Tunaomba radhi kwa hitilafu hii ya kiufundi" haina chochote cha kufanya, inawaachia watu nafasi ya kuanza kuongea. Mzaha nao naupa nafasi ndogo. Ukikubalika, watacheka kwa muda mfupi, halafu utabaki pale pale bila sauti. Na mzaha unaomgusa fundi wa sono usiuandike kabisa, maana huyo ndiye unayemtegemea dakika inayofuata.

Kwa mikro, sentensi yangu ya kwanza ni hii: "Nakuja katikati yenu. Mlio nyuma kabisa, mkinisikia inueni mkono." Naisema huku nikitembea. Kama mstari wa mwisho uko mita 16 kutoka jukwaani, ukisimama katikati ya ukumbi umepunguza safari ya sauti kwa nusu, na hilo linasaidia kuliko kupiga kelele. Mtu anayepiga kelele sauti yake hupanda juu na maneno yake huanza kushikana. Afadhali kukata sentensi ziwe fupi na kupumzika kila baada ya moja. Ile mikono ndiyo kipimo changu. Ikiinuka mitatu tu kutoka viti vya nyuma, natoa sentensi ya pili: "Mlio nyuma, njoni mjaze viti hivi vya mbele. Tutaendelea mkishakaa."

Mvua kwenye bati ni shauri jingine. Hapo hakuna koo litakaloshinda, na anayejaribu atakuwa amekauka sauti kabla ya saa ya chakula. Sentensi ya tatu inawapa watu kazi wao kwa wao: "Mgeukie aliye karibu nawe, mwambie ni lini mara ya mwisho kundi lenu lilichelewa kulipa, na kwa nini. Dakika tano." Swali hilo liandikwe nyumbani, liendane na somo la siku hiyo. Ukilitafuta pale pale mvua ikipiga, utauliza jambo lisilo na maana, na watu watalijua hivyo.

Ipi kati ya tatu uitumie? Inategemea tatizo litadumu muda gani, na hilo anayelijua ni mtu wa sono. Kwa hiyo kabla watu hawajaingia napatana naye ishara: kidole kimoja maana yake ni jambo dogo, nisubiri, kiganja wazi maana yake endelea bila mikro. Nami najifunza kuangalia mwenyewe. Taa ya mikro isiyo na waya ikiwaka na sauti hakuna, kwanza tazama kama kidole chako hakijasukuma swichi. Taa ikizimika, au ikigeuka nyekundu muda mfupi kabla, ni betri, na kuzibadilisha ni kama dakika moja ikiwa nyingine ziko mezani. Ikiwa ni mikro ya waya na inakwaruza kila unaposogea, shida mara nyingi iko pale waya unapoingia. Ama taa zote za ukumbi zikizimika pamoja nayo, usisubiri kidole wala kiganja, anza kutembea.

Projekta ina hila yake. Umeme ukikatika, kompyuta huendelea kwa betri yake, kwa hiyo unadhani kila kitu kitarudi mara moja grupu ikiwashwa. Lakini projekta ya taa ya kawaida huwa ya moto sana, na feni yake imesimama ghafla pamoja na umeme. Mara nyingi hukataa kuwaka mpaka ipoe. Hesabu kwamba picha haitarudi, na ikirudi iwe ziada. Sentensi: "Acheni ukuta, nitazameni mimi."

Baada ya hapo lazima kuwe na kitu cha kutazama. Siku ile ya Kadutu nilikuwa na jedwali la likelemba ukutani: wanachama 12, kila mmoja dola 5 kwa wiki, anayefikiwa na zamu anachukua 60. Picha ikipotea, jedwali hilo huwezi kulisimulia kwa mdomo, watu watasinzia. Kwa hiyo sasa kadi yangu inasema: "Nahitaji mama kumi na wawili hapa mbele, kila mmoja na karatasi moja." Wanasimama mstari. Karatasi moja ni dola 5. Wote wanampa wa kwanza, anabaki na 12 mkononi. "Ngapi ni zake?" Moja. "Basi hizi 11 ni za nani?" Hapo ukumbi unaona wenyewe kwamba wa kwanza ana deni la dola 55, na kwamba mama wa mwisho katika mstari atakuwa amewakopesha wenzake wiki 11 nzima bila kugusa kitu. Kusema kweli wameelewa kuliko nilipokuwa na picha, na siku hizi wakati mwingine naanza hivyo hata umeme ukiwapo.

Kwa hiyo usiku uliotangulia napitia picha zangu moja moja na kujiuliza ipi siwezi kuieleza bila ukuta. Katika ishirini huwa mbili au tatu. Hizo nazichora kwa kalamu nene kwenye karatasi kubwa, nazikunja, nakwenda nazo.

Wanaochelewa ni jambo jepesi zaidi, ila lina heshima zake. Mtu wa kawaida naendelea kuongea, nikimwonyesha kiti kwa mkono. Wakiingia kundi, namaliza sentensi kwanza, kisha: "Karibuni, viti viko upande wa dirisha. Tuko kwenye jambo la pili, zamu ya malipo." Bila kuuliza walikuwa wapi, huenda wametembea kutoka Bagira kwenye matope. Akiingia mkubwa na watu wa protokole, ukumbi utasimama upende usipende. Hapo nanyamaza, namsalimu kwa cheo chake, nampa muhtasari wa sentensi moja, na kumrudia yule niliyemkatiza: "Mama, ulikuwa unatuambia juu ya wiki ya saba." Ndiyo maana naandika kwa penseli, pembeni ya kadi, neno la mwisho la kila anayeuliza.

Sentensi zote nazijaribu nyumbani, nikiwa jikoni na redio ikiwa juu. Ile ambayo watoto hawaisikii kutoka sebuleni naifupisha.