Daftari la maamuzi kwenye ghala la asali: nani aamue, na lini jambo lipande juu

Mwongozo huu nimewaandikia wafugaji nyuki wenye ghala la pamoja la kupokelea asali, kama tulio huku Sikonge, Tabora. Ndoo iko kwenye mizani, mfugaji anasubiri fedha zake, mwenyekiti yuko porini kusiko na mtandao, na karani hajui kama ana ruhusa ya kukataa. Hapo ndipo magomvi mengi huanzia.

Hatua ya 1: Andika maamuzi, vyeo baadaye

Katiba ya kikundi husema mwenyekiti husimamia shughuli zote. Karani haimsaidii. Kaa naye siku ya mapokezi, uandike kila anapolazimika kuchagua: kupokea au kukataa, kulipa leo au kesho, kumwazima mtu ndoo tupu au kumnyima. Anza na yale yanayozua maneno.

Hatua ya 2: Weka mpaka unaopimika

“Asali yenye maji mengi ipelekwe kwa msimamizi” si mpaka, maana kila mtu ana “mengi” yake. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 katika asali ya kawaida. Yakizidi, chachu hupata nafasi na asali huchacha. Kwa hiyo unaweza kugawa hivi:

- Hadi 19: karani anapokea mwenyewe.
- Juu ya 19 hadi 20: msimamizi wa ghala anaamua.
- Juu ya 20: haiingii pipa la kuuza, na hakuna aliyepo ghalani anayeweza kuiruhusu. Anayetaka mpaka huu usogee aupeleke kwenye kikao cha kamati.

Ongeza sharti moja: mwenye ndoo akiwa ndugu wa anayepaswa kuamua, jambo linapanda ngazi moja. Huku kwetu karibu wote ni ndugu, kwa hiyo elezeni mapema ni ndugu yupi. Mimi napendekeza wazazi, watoto, ndugu wa tumbo moja, mwenza, na yeyote mnayemiliki naye mizinga.

Hatua ya 3: Jibu swali la “asipopatikana je?”

Hili ndilo husahaulika zaidi. Kila ngazi ipe muda na mtu wa akiba. Kwa mfano, karani apige simu mara mbili ndani ya saa moja; asipojibiwa, ampigie wa akiba. Naye akikosekana, karani achukue hatua inayoweza kurudishwa nyuma: ndoo ifungwe, ibandikwe namba, ikae pembeni, na mfugaji apewe stakabadhi ya uzito isiyo na bei. Asali iliyokwisha kumiminwa kwenye pipa haitoki tena, na fedha iliyolipwa ni vigumu kuidai.

Hatua ya 4: Andika papo hapo

Daftari la kawaida linatosha. Kila mstari uwe na namba, tarehe na saa, jambo, kilichojulikana wakati huo, aliyeamua, uamuzi na sababu. Kilichojulikana wakati huo kina kazi kubwa: miezi mitatu baadaye kila mtu ni mjuzi, na karani atahukumiwa kwa habari ambazo hakuwa nazo.

Tuseme mfugaji ameleta ndoo tatu za lita 20, kila moja kama kilo 28. Rifraktomita inasoma 18.4, 19.6 na 21.2. Ya kwanza karani anaipokea. Ya pili ingekwenda kwa msimamizi, lakini mfugaji ni kaka yake, kwa hiyo inapanda kwa katibu, ambaye simu yake haipatikani.

“Mwanangu, si umwulize tu mdogo wangu, yuko hapo nje?”

“Mzee wangu, kwa ndoo yako yeye haruhusiwi. Chukua stakabadhi hii, kesho asubuhi nitakupigia.”

Daftarini:

> Na. 41, saa 8:20 mchana. Ndoo B, kipimo 19.6. Mleta ni kaka wa msimamizi. Katibu kapigiwa mara mbili, wa akiba mara moja, hawakupatikana. Karani: imewekwa pembeni, haijalipwa.

> Na. 42, kesho yake saa 3:00 asubuhi, inahusu Na. 41. Katibu: ikorogwe ipimwe upya, kwa kuwa asali nyepesi hukaa juu. Kipimo kipya 19.3. Ipokewe, iuzwe kwanza.

Ndoo ya tatu inarudi na mwenyewe, nayo inaandikwa. Ona pia kwamba Na. 41 haikufutwa. Uamuzi ukibadilika, andika mstari mpya unaotaja namba ya zamani. Daftari lenye vifuto halimtetei mtu.

Hatua ya 5: Lisomeni kila mwisho wa mwezi

Kama msimamizi amekubali kila ndoo ya 19.2 iliyomfikia, mpaka wa karani uko chini mno, usogezeni. Kama hakuna kilichopanda mwezi mzima wakati ndoo zilikuwa nyingi, msifurahi haraka. Linganisheni daftari na vipimo vya stakabadhi, kisha mwulizeni karani, msimamizi akiwa hayupo, nani humkaripia anapopiga simu.