Dazeni ngapi za magauni ya Krismasi? Hesabu ya oda isiyorudiwa

Mwenye duka la nguo Moshi anayeshonesha magauni ya watoto ya Krismasi huamua mara moja tu. Katikati ya Novemba inabidi amwambie fundi idadi, kwa sababu Desemba ikishika kasi mafundi wamejaa kazi na hawapokei oda mpya. Mauzo yenyewe hubanana kwenye siku chache kabla ya sikukuu, watu wanapotoka Dar es Salaam na kwingineko kupanda Marangu, Kibosho na Rombo. Krismasi ikipita, gauni la satini lenye utepe mwekundu halina tena haraka. Januari pesa ya mzazi inakwenda kwenye ada, sare na madaftari.

Hesabu ya kuamua hapa huitwa modeli ya muuza magazeti, maana gazeti la leo kesho ni la kufungia maandazi. Wazo lake ni la zamani: mwaka 1888 mchumi Francis Edgeworth alilitumia kupima benki iweke fedha taslimu kiasi gani kwa wateja wanaokuja kutoa. Tuifanye kwa magauni, kwa bei za mfano. Wewe weka zako.

Hatua ya 1: Pima makosa mawili

Kuna kushona pungufu na kushona kupita kiasi. Kila kosa lina bei yake, na bei hizo mbili ni nadra kulingana.

Tuseme kitambaa cha gauni moja ni shilingi 7,500, ushonaji 5,000, zipu, uzi na utepe 1,500. Jumla 14,000. Dukani linauzwa 25,000. Likibaki, Januari linaondoka kwa 9,000.

Ukipungukiwa gauni moja, unakosa faida ya 25,000 − 14,000 = 11,000. Tuiite P. Likibaki moja, unapoteza 14,000 − 9,000 = 5,000. Tuiite B.

Wengi huharibu hesabu hapa kwa kuingiza kodi ya fremu na mshahara wa muuzaji. Usiingize. Kodi ni ileile ushone dazeni sita au kumi, kwa hiyo haihusiki na swali la kuongeza gauni moja. Kinachoingia ni kile tu kinachobadilika kwa gauni hilo. Kama mtaji ni wa mkopo, riba ya pesa itakayolala kwenye gauni lililobaki inaingia kwenye B. Na kama mteja anayekosa gauni huondoka pia bila viatu na soksi ambazo angechukua kwako, faida ya hivyo iongeze kwenye P.

Hatua ya 2: Pata uwiano

```
U = P / (P + B) = 11,000 / 16,000 = 0.6875
```

Maana yake ni kwamba oda yako iwe na uwezekano wa karibu asilimia 69 wa kutosheleza wateja wote. Hilo linaruhusu kupungukiwa karibu Krismasi tatu katika kumi. Mwenye duka anayejivunia kwamba hajawahi kuishiwa mara nyingi anabeba mzigo mkubwa kuliko faida yake inavyoruhusu.

Hatua ya 3: Andika mahitaji kama uwezekano, si namba moja

Hatua hii ndiyo ngumu. Usiulize “nitauza ngapi?” Fikiria Krismasi 20 zinazofanana na hii, kisha ujiulize ni ngapi kati yake wateja wangetaka dazeni sita, ngapi saba, na kuendelea. Mfano:

| Dazeni zinazotakiwa | Krismasi kati ya 20 | Uwezekano wa kuishia hapo au chini |
|---|---|---|
| 6 | 2 | 0.10 |
| 7 | 4 | 0.30 |
| 8 | 5 | 0.55 |
| 9 | 5 | 0.80 |
| 10 | 3 | 0.95 |
| 11 | 1 | 1.00 |

Kosa kubwa ni kuchukua mauzo ya mwaka jana kana kwamba ndiyo mahitaji. Ukishona dazeni saba zikaisha tarehe 20 Desemba, daftari litasema “saba”, lakini waliokuja tarehe 21 hadi 24 hawamo humo. Ukiamini saba hiyo, mwaka huu utashona saba tena, zitaisha tena, na daftari litaendelea kukuthibitishia kosa lako. Wala usigawanye mauzo kwa siku ukazidisha, kwa sababu siku za mwisho ndizo zenye watu wengi zaidi. Njia ya kuaminika ni kutazama mwaka ambao mzigo ulibaki: uliuza kiasi gani kufikia tarehe 20, na kiasi gani baada ya hapo? Uwiano huo utumie kukadiria mwaka ulioishiwa.

Hatua ya 4: Soma jibu

Shuka kwenye safu ya mwisho hadi namba ya kwanza inayofikia au kuvuka 0.6875. Dazeni nane zina 0.55, bado. Tisa zina 0.80. Shona dazeni tisa, yaani magauni 108.

Ihakiki kwa dazeni moja moja. Dazeni ya tisa ina uwezekano wa 1 − 0.55 = 0.45 wa kuhitajika. Ikihitajika yote inaleta 132,000, ikibaki inapoteza 60,000. Kwa wastani: 59,400 − 33,000 = faida ya 26,400. Dazeni ya kumi ina uwezekano wa 0.20 tu: 26,400 − 48,000 = hasara ya 21,600. Basi unasimama tisa.

Mwenye wastani na mtawanyiko wa mahitaji, yaani kiasi ambacho kwa kawaida mahitaji hupishana na wastani, anaweza kutumia lahajedwali. Jedwali letu lina wastani wa magauni kama 100 na mtawanyiko wa kama 16:

```
=NORM.INV(0.6875, 100, 16)
```

Inatoa karibu 108, jibu lilelile.

Hatua ya 5: Tikisa bei ya masalio

Kati ya namba zote, ile 9,000 ya Januari ndiyo ya kutiliwa shaka kwanza, kwa sababu watu huikadiria wakiwa na matumaini. Tuseme gauni lina maandishi ya Krismasi au ya mwaka, na Januari linaondoka kwa 2,000. B inapanda hadi 12,000, uwiano unashuka hadi 11,000 / 23,000 = 0.48, na jibu linakuwa dazeni nane. Wateja ni walewale, bei dukani ni ileile, lakini pambo moja limekuondolea dazeni nzima. Ukishona bila maandishi, gauni lileile linaweza kuuzwa kwa harusi au kipaimara, na hapo una haki ya kushona zaidi.

Kumbuka pia kwamba kitambaa kisichokatwa bado ni mali. Kinachokufunga ni mkasi. Fundi akikubali kukata dazeni saba Novemba na kukuwekea nafasi ya mbili mapema Desemba, huna tena oda ya mara moja. Hesabu hii pekee haitatosha, kwa kuwa dazeni hizo mbili utaziamua ukiwa umeshaona mwanzo wa mauzo.

Mwisho, jumla ya tisa haisemi lolote kuhusu saizi. Unaweza kubaki na magauni 20 ya mtoto wa miaka miwili huku ya miaka sita yamekwisha wiki moja kabla. Fanya jedwali kwa kila kundi la saizi. Kwa ajili ya mwakani, andika tarehe kila saizi ilipoisha na weka mstari mmoja kwa kila mteja aliyeulizia akakosa.