Jinsi ya kuiandikia notisi kampuni ya ulinzi inayoruka doria

Kabla ya kuandika lolote, nenda getini upige picha kurasa za kitabu cha doria. Wahi kabla kampuni haijanusa kwamba notisi inakuja, maana kitabu ni chao na kinaweza kupotea usiku mmoja.

Kwetu Naalya, Uganda, kurasa za wiki mbili zilitosha. Mkataba ulidai doria kila saa, kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni mizunguko 8 kwa usiku, 112 kwa siku 14. Iliyosainiwa ilikuwa 71. Usiku ilipoibwa pampu ya maji, askari alisaini saa sita, kisha kimya hadi saa kumi. Ukurasa mmoja ulijaa sahihi zote nane, wino uleule, mwandiko umetulia, karatasi kavu, ilhali mvua ilinyesha mpaka kukakucha. Ukurasa wa namna hiyo utaje kando, usiuchanganye na hesabu, kwani hapo unashuku tu.

Kila wizi uripotiwe polisi upate namba ya SD, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, naye ajulishwe, ila barua yake haiwezi kushika nafasi ya namba hiyo.

Sasa fungua mkataba. Tafuta kifungu cha doria, cha muda wa kurekebisha kasoro, na cha fidia. Hicho cha mwisho ndicho watu hukiruka, na mara nyingi ndimo ulimojificha ukomo wa kiasi cha kulipwa na siku za kuwasilisha dai kwa maandishi. Zikipita, umeliwa.

Aliyesaini mkataba ndiye asaini notisi. Mkazi mmoja akiandika kwa hasira zake atajibiwa kwamba hana mkataba nao. Usiandike "askari wenu wanalala", wala usimwite askari mwizi. Hilo waachie polisi. Kiini cha barua yetu kilikuwa hiki:

"Kati ya mizunguko 112 ya doria, 41 haikusainiwa. Pampu ya maji iliibwa katika pengo la saa sita hadi saa kumi usiku. Tunataka ndani ya siku 7: msimamizi akague geti kila usiku na kusaini, askari wa zamu hiyo wabadilishwe, mtupe maelezo ya maandishi kuhusu pengo hilo, pamoja na jibu la dai letu la fidia."

Siku 7 zilitoka kwenye mkataba wetu. Wewe tumia za kwako.

Peleka nakala mbili ofisini kwao, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe urudi nayo. Wakati huo endelea kulipa, isipokuwa mkataba unakuruhusu kuzuia malipo. Vinginevyo wao ndio watasema umevunja mkataba kwanza. Siku zikiisha bila jibu, andika ya pili ukitaja tarehe ya muhuri, na nakala iende polisi, ambao ndio wasimamizi wa kampuni binafsi za ulinzi Uganda.