Kupiga adungu na lupa jukwaani: mapigo yasiachane, sauti isijazane

Mwongozo huu ni wa mpigaji wa adungu anayetumbuiza peke yake, tuseme kwenye mgahawa wa Kampala, akiwa na pikapu ya kubandika, mashine ya ngoma na pedali ya lupa inayopokea MIDI. Lupa hurekodi kipande unachopiga na kukirudia bila kukoma; kipande hicho ndicho lupu.

1. Mwendo uongozwe na chombo kimoja. Tuseme wimbo ni BPM 100, na lupu ina vipimo vinne vya mapigo manne. Hayo ni mapigo 16, yaani sekunde 9.6. Ukifunga lupu kwa mguu ukachelewa sekunde 0.05 tu, hakuna atakayesikia mzunguko wa kwanza. Lakini kosa hilo hujirudia kila mzunguko: baada ya mizunguko minane lupu imebaki nyuma ya ngoma kwa sekunde 0.4, na pigo zima ni sekunde 0.6. Kwa hiyo peleka kebo ya MIDI kutoka mashine ya ngoma hadi kwenye lupa, iambie lupa ifuate kloku ya nje, kisha washa mpangilio wa kufunga lupu kwenye kipimo kamili. Mguu ukiteleza kidogo, pedali itarekebisha. Ukishaanza kurekodi, usiguse mwendo tena.

2. Ngoma isipite ndani ya lupa. Ipeleke moja kwa moja kwenye miksa.

3. Acha nafasi ya matabaka, yaani sauti unazorekodi moja juu ya nyingine. Matabaka manne yenye nguvu sawa yakigonga pamoja, kilele kinaweza kufika mara nne, yaani desibeli 12 zaidi. Basi pigo lako kali kabisa liingie kwenye lupa desibeli 12 chini ya ukomo. Anza na nyuzi nene za besi, fuata za kati, nyembamba ziwe za mwisho. Sauti ikikwaruza, shusha volyumu ya lupu: kama mkwaruzo unabaki, umesharekodiwa humo ndani na miksa haiwezi kuuondoa. Futa tabaka hilo.

4. Pima spika ya jukwaani. Hapa ndipo adungu inapotofautiana na gitaa la umeme, na wengi hawapaangalii. Kisanduku chake kina ngozi, nayo hutetemeka kwa sauti ya spika iliyo karibu. Pikapu hunasa mtetemo huo, na lupa huirekodi lupu yako upya juu ya yenyewe. Wakati wa kujaribu vyombo, rekodi tabaka moja, washa kuongeza tabaka, kisha funika nyuzi kwa viganja bila kupiga chochote kwa mizunguko miwili. Zima, usikilize. Lupu ikiwa imenenepa au ina ukungu, spika inavuja: isogeze pembeni, ielekeze masikioni badala ya kwenye ngozi, na upunguze lupu ndani yake. Rudia kipimo mpaka lupu itoke kama ilivyoingia.

5. Zima kurekodi mara tabaka linapoisha. Ukiendelea kuimba huku kurekodi kumewashwa, hata uvujaji mdogo utajilimbikiza mzunguko kwa mzunguko.