Kuku wamenyonyoka na mayai hakuna? Usiwapunguzie chakula

Wiki iliyopita mama mmoja jirani yangu huku Kibosho kanipigia simu asubuhi, "Kaka njoo uone kuku wangu, banda limejaa manyoya kama mtu kachinja humo ndani, na mayai kutoka karibu trei moja kwa siku sasa hivi naokota manne." Ana kuku 30 wa mayai, wana kama mwaka na miezi minne hivi. Nimefika nikakuta wanakula vizuri, kinyesi kizuri, hakuna anayekoroma wala kupinda shingo, ila shingo na mgongo vimebaki wazi na vilemba vimesinyaa vimepauka. Hiyo sio kideri. Wanabadilisha manyoya.

Ukitaka uhakika, mshike kuku mmoja umpulizie kwa mdomo pale palipo wazi, ukiona vimiiba vinachomoza kwenye ngozi kama ncha za kalamu basi ni manyoya mapya yanaota, lakini ukiona ngozi nyekundu haina vimiiba na kuna chawa au utitiri, au manyoya yamekatika katikati, hapo wanadonoana au wana wadudu, dawa yake ni nyingine kabisa.

Sasa kwa nini mayai yanakata? Kuku akishataga mwaka mzima mwili unachoka, homoni za kutaga zinashuka, mfuko wa mayai unanywea na unyoya wa zamani unasukumwa na mpya. Unyoya karibu wote ni protini, na protini hiyo hiyo ndiyo ingetengeneza yai, kwa hiyo kwa kawaida anafanya kimoja kwanza. Wenzetu wa nchi za mbali huko siku zikifupika ndio kuku wao wananyonyoka, huku kwetu mchana haubadiliki sana, mara nyingi ni umri, au baridi hii ya mwezi wa sita na wa saba, au maji yalikauka siku nzima, au wewe uliyezoesha taa usiku halafu umeme ukakatika wiki nzima.

Huyu mama alichofanya, na wengi mnafanya, akasema hawatagi siwezi kuwalisha bure, akachanganya chakula cha kutagia nusu na pumba ya mahindi nusu. Hapo ndipo anapojichelewesha mwenyewe! Chakula cha kutagia kina protini kama asilimia 16, pumba kama 10, ukichanganya nusu kwa nusu unabaki na 13, manyoya yanaota kwa kusuasua, na kuku yuko uchi kwenye baridi kwa hiyo chakula kingi kinaishia kumpasha joto tu.

Tulichofanya ni hivi. Pumba tumetoa, tukaweka chakula cha kukuzia, kile cha mitemba, sababu nacho kina protini kama 16 ila hakina chokaa nyingi na kuku asiyetaga haihitaji. Kila kilo 10 tukaongeza nusu kilo ya dagaa waliosagwa, hapo unafika kama asilimia 18. Dagaa waangalie, weka dagaa wa kiganja kimoja kwenye ndoo ya maji uone mchanga unaobaki chini, wengine wanauziwa mchanga kwa bei ya samaki. Kuku mmoja gramu 120 kwa siku, 30 ni kilo 3 na nusu na kidogo, wiki nane ni kama kilo 200. Wale wanne wanaotaga bado tumewawekea maganda ya konokono kwenye chombo pembeni, anayehitaji anajidonolea.

Ila sio wote wanastahili hizo kilo 200. Fungua bawa uangalie yale manyoya marefu 10 ya nje, yanaanguka kuanzia katikati ya bawa kwenda nchani. Kuku aliyeangusha matatu manne kwa pamoja anamaliza haraka, miezi miwili mitatu anarudi. Anayeangusha moja moja anaweza kwenda hata miezi sita, na mara nyingi ndiye alianza kunyonyoka mapema kabla ya wenzake. Kwa yule mama tumewakuta saba wa hivyo, hao nimemwambia auze tu sasa hivi.

Siku hizi za kuota manyoya usiwashike shike hovyo, vile vimiiba vina damu ndani, vikivunjika vinavuja na wenzake wanaanza kumdonoa. Dawa ya minyoo wape kipindi hiki hiki wakiwa wamekaukiwa, hutakuwa na mayai mengi ya kutupa.

Kilemba kikianza kuwa chekundu tena na ukipima mifupa miwili ya nyonga kule nyuma vidole viwili vinapita katikati, anza kurudisha chakula cha kutagia kidogo kidogo kwa siku 7 mpaka 10, usisubiri mayai yajae kwanza maana watataga yenye ganda laini. Mayai yatakuwa makubwa na ganda gumu kuliko ya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa kutaga, ila idadi haitafika ile ya mwanzo kabisa, kwa hiyo trei za kuahidi dukani hesabu pungufu.