Kabla hujatuma taarifa ya ajali ya boti, iweke kando kwanza

Siku boti ya abiria inapopata ajali ziwani, taarifa ya kwanza huandikwa na mtu ambaye mikono inamtetemeka. Huenda ni karani aliyekata tiketi asubuhi, au mwenye boti ambaye mdogo wake ndiye nahodha. Simu zinaita kwa pamoja, watu wameanza kukusanyika mwaloni, na kwenye magrupu ya WhatsApp tayari inazunguka picha ya boti nyingine kabisa. Anachoandika mtu katika hali hiyo huwa kimechanganyika: kidogo habari, kidogo kujitetea, kidogo dua. Kiandikwe tu, hakuna ubaya. Ila kisitoke kwenda kwa umma kama kilivyo, na utaratibu wa kukizuia upangwe leo, ziwa likiwa shwari.

Kabla ya yote, kuita msaada hakuzuiwi hata dakika moja. Simu ya polisi 112, Zimamoto na Uokoaji 114, simu kwa wenye boti walio karibu na kwa viongozi wa vijiji vya pwani, zote hupigwa hapo hapo hata kama anayepiga anagugumia. Msaada unahitaji kujua mahali na aina ya shida tu. Idadi ikikosewa, waokoaji watakuja vilevile. Hali kadhalika onyo kwa boti nyingine zinazojiandaa kuondoka. Ninachozungumzia mimi ni ile taarifa kwa umma, inayokwenda kwa ndugu wa abiria, kwa redio na kwa kila mwenye simu. Hiyo ikishatoka hairudi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Boti imeondoka Kibirizi, Kigoma, saa 7 mchana kwenda Kagunga kwenye Ziwa Tanganyika, njia ileile ya kupitia Gombe na Mwamgongo. Saa 9 na nusu ofisi inapigiwa simu kwamba imepata ajali. Karani anaandika hivi:

"Taarifa kwa umma. Boti yetu yenye abiria 38 imezama karibu na Mwamgongo kutokana na dhoruba kali. Abiria wote wameokolewa na wako salama isipokuwa wawili. Boti haikuzidisha abiria kama wanavyosema wapotoshaji. Msiwe na wasiwasi."

Ukiisoma haraka unaona ni taarifa nzuri, fupi na inayotuliza. Sasa ikae mezani, tuipitie neno kwa neno.

38 imetoka kwenye orodha ya abiria iliyoachwa Kibirizi. Orodha hiyo inaonyesha waliokata tiketi pale, saa ile. Mtoto wa mgongoni mara nyingi haandikwi. Vijiji vya njiani abiria hupandia kutoka kwenye mitumbwi inayoifuata boti majini, na wengine hushuka hivyohivyo. Kwa hiyo boti inapofika mbele ya Mwamgongo, 38 inaweza kuwa imebaki jina tu. Ukiitangaza, waokoaji wa kujitolea watahesabu hadi 38 na kuacha kutafuta. Nchi hii tunalijua hilo kwa uchungu: MV Bukoba ilipozama Mei 1996, idadi kamili ya waliokufa haikupatikana mpaka leo, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha ya majina.

Neno "imezama" nalo lina uzito wake. Aliyepiga simu alisema nini hasa? Boti inaweza kuwa imepinduka na bado inaelea, imejaa maji, au injini imezima na upepo umeisukuma kwenye mawe. Anayesikia "imezama" anajua mahali pale ziwa lina kina kirefu karibu na ufukwe, na anaanza kuandaa matanga.

Kisha "kutokana na dhoruba kali". Huyu karani yuko Kibirizi. Dhoruba ameiona wapi? Hata nahodha aliyekuwa ndani anajua alichokiona tu. Kama ubao ulipasuka, kama mzigo ulihama upande mmoja, hayo yatajulikana baada ya chombo kukaguliwa. Chanzo cha ajali ni kazi ya wachunguzi, na usalama wa vyombo vya majini uko chini ya TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini. Ofisi ikishataja dhoruba saa 10, halafu wiki ijayo manusura wakasema ziwa lilikuwa limetulia, hakuna sentensi nyingine ya ofisi ile itakayoaminiwa, hata zilizokuwa za kweli.

Sentensi mbaya kuliko zote ni "wote wameokolewa". Kwa uzoefu wangu hii ndiyo huandikwa kwa moyo mweupe kabisa. Mazungumzo ofisini huwa hivi: mwenye boti anasema, "Andika wote wako salama, watu watulie," na karani anajibu, "Mzee, tumewahesabu wapi?" Swali hilo ndilo linalookoa ofisi. Kutolewa majini ni jambo moja, kuhesabiwa ni la pili, kuwa hai ni la tatu. Wavuvi wakiokoa watu, kila mtumbwi hukimbilia kijiji chake. Watano wako huku, watatu kule, na mtandao wa simu huko hukatika. Na hii ya "isipokuwa wawili" inawaambia ndugu wa abiria wote 38 kwamba huenda ni wa kwao, bila kumwambia yeyote ni nani.

Kilichotokea mgodi wa Sago, jimbo la West Virginia nchini Marekani, Januari 2006, kila mwenye ofisi ya usafiri angefaa kukijua. Wachimbaji 13 walikuwa wamenaswa chini baada ya mlipuko. Waokoaji waliokuwa ndani, wamevaa vifaa vya kupumulia, walituma ujumbe uliopita kwa watu kadhaa kabla ya kufika juu, na juu ukasikika kwamba 12 wako hai. Habari ikawafikia ndugu waliokuwa kanisani, kengele zikapigwa, watu wakaimba. Baada ya takriban saa tatu wakaambiwa ukweli: aliyekuwa hai ni mmoja. Katika mnyororo ule hakuna aliyekusudia kudanganya; ujumbe ulitoka kabla ya kuulizwa "nani kawaona, na kawahesabu?"

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara Septemba 2018, siku mbili baadaye alitolewa mtu akiwa hai kutoka ndani ya kivuko, wakati wengi walishakata tamaa. Kwa hiyo "hakuna aliyebaki" nayo haiandikwi na ofisi ya boti.

Mstari wa wapotoshaji unafutwa bila mjadala. Huo ni ugomvi wa grupu ulioingia kwenye taarifa ya watu walio majini. "Msiwe na wasiwasi" pia iondoke. Mama ambaye mwanawe hajapatikana ana haki yote ya kuwa na wasiwasi.

Baada ya kuchuja, kinachobaki ni kidogo, na ndicho kinachotakiwa:

"Saa 9:45 alasiri. Boti yetu iliyoondoka Kibirizi saa 7 mchana kwenda Kagunga imepata ajali eneo la Mwamgongo. Tumeshatoa taarifa polisi na uokoaji unaendelea. Idadi na majina ya waliokuwemo bado tunahakiki. Mwenye ndugu aliyesafiri, au aliyepokea manusura kijijini kwake, apige namba hii au afike ofisini. Taarifa nyingine tutaitoa saa 12 jioni, hata kama hakutakuwa na jipya."

Saa imewekwa mwanzoni kwa sababu ujumbe huu utasambazwa mpaka kesho, na msomaji anahitaji kujua ni wa lini. Ombi kwa waliopokea manusura limeingia kwa sababu ndiyo njia ya haraka ya kukusanya hesabu kutoka vijijini. Ile ahadi ya saa 12 ndiyo inayowapa watu subira. Idadi ya vifo haimo, na haitaingia baadaye kutoka ofisini kwako: hiyo hutangazwa na Mkuu wa Mkoa au Kamanda wa Polisi, na jina la marehemu linafika kwanza nyumbani kwake. Kazi ya ofisi ni kuwakabidhi wao orodha yako na kusema wazi kwamba ina mapengo.

Sasa matayarisho yenyewe. Ujumbe wa namna hiyo uandikwe leo ukiwa na nafasi wazi za saa, njia na mahali, uchapwe, ubandikwe ndani ya mlango wa kabati la tiketi. Mtu mwenye hofu hawezi kutunga, lakini anaweza kujaza nafasi. Teua pia msomaji wa pili, na asiwe mwenye boti wala ndugu wa nahodha. Mwalimu jirani au mhasibu wa chama chenu anafaa, mradi simu yake hupatikana na anakubali kuwa mkali. Kila sentensi aiulize: nani kakwambia, saa ngapi, na yeye aliona au alisikia? Majibu yaandikwe pembeni kwa kalamu. Sentensi yenye "nasikia" inatoka. Ikibaki moja tu, itumwe hiyo moja.

Rasimu ya kwanza isiandikwe kwenye kisanduku cha WhatsApp. Kidole kinateleza, na ukifuta baadaye wameshaipiga picha. Andika kwenye karatasi au daftari. Na karatasi ile isichanwe: weka saa, weka sahihi, ihifadhi. Wachunguzi watakapouliza ofisi ilijua nini saa 9 na nusu, ile ndiyo kumbukumbu iliyo karibu zaidi na ukweli wa muda ule, pamoja na makosa yake. Kazi yake ya haraka zaidi ni kuwa orodha ya maswali, maana kila ulichodai bila uhakika ni jambo la kumpigia mtu simu.

Kuzuia huku kuna kipimo. Ujumbe mfupi wa kwanza usipotoka ndani ya dakika 20 hivi tangu upate habari, tetesi ndizo zitakuwa taarifa rasmi. Ofisi inayosema "tunahakiki" mpaka usiku haihakiki tena, inajificha, na watu wa Kibirizi wanajua tofauti. Ikitokea mmekosea licha ya yote, sahihisho linatoka dakika ileile mliyojua, kwa njia ileile na grupu zilezile, likitaja kosa kwa jina: "Saa 9:45 tulisema ajali ni Mwamgongo. Si sahihi, ni Kagunga." Msingoje saa 12.