WhatsApp Imekufungia kwa Kudhaniwa Roboti: Jinsi ya Kuomba Mapitio

Unafungua WhatsApp asubuhi, na mahali pa mazungumzo yako pana maneno kwamba akaunti hii hairuhusiwi kutumia WhatsApp. Hukumtukana mtu wala hukutapeli. Ulichofanya wiki iliyopita ni kuweka programu ndogo ya kujibu watu ukiwa umelala, au ya kutuma vikumbusho saa uliyoipanga. Hiyo ndiyo iliyokuponza. Mwongozo huu unamhusu mtu wa namna hiyo, si aliyefungiwa kwa ulaghai au picha chafu.

Kabla ya kugusa chochote, soma vizuri ujumbe ulioko kwenye skrini. Kuna kufungiwa kwa aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ukiona maneno `Temporarily banned` pamoja na saa inayohesabu kurudi nyuma, hiyo ni adhabu ya muda, na mara nyingi huwapata wanaotumia WhatsApp isiyo rasmi, kama zile zilizochakachuliwa na kuongezewa vikorombwezo. Hapo huna rufaa ya kuandika. Hamia kwenye programu rasmi, kisha subiri saa iishe. Ukiendelea na ile ya kuchakachua, unajiweka kwenye hatari ya kufungiwa moja kwa moja. Usipoona saa, bali ukaona kitufe cha `Request a review`, basi umefungiwa bila muda maalumu na utahitaji kuomba mapitio.

Jizuie usiifute WhatsApp kwenye simu. Mkono wa kwanza wa mtu aliyechanganyikiwa huwa ni kuiondoa na kuiweka upya, lakini hilo haliondoi kifungo, kwa sababu kilichofungwa ni namba wala si programu. Unachoweza kupoteza ni mazungumzo ambayo hayakuwahi kuhifadhiwa kwenye nakala rudufu.

Kwanza jua walikuonaje

Barua yako itakuwa na uzito ukielewa kilichokushitaki. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa njia ya siri tangu kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, kwa hiyo mfumo hauhukumu kwa kusoma ulichoandika. Unatazama mwenendo. Mwaka 2019 WhatsApp ilitoa maelezo ya jinsi inavyopambana na ujumbe unaotumwa kwa wingi, ikasema inafungia akaunti zaidi ya 2,000,000 kila mwezi, na kwamba takriban asilimia 75 ya hizo hufungiwa bila mtu yeyote kuzilalamikia karibuni. Mashine inakamata yenyewe.

Inakamata kwa nini? Mfano uliotolewa kwenye maelezo hayo ni ile alama inayoonyesha kwamba mtu anaandika. Binadamu akijibu, alama hutokea kwa sekunde kadhaa kabla ujumbe haujafika. Akaunti inayotuma mfululizo bila alama hiyo kuonekana inajianika. Ongeza kasi ya kutuma, na idadi ya watu waliokuzuia au kukuripoti. Mtu akikuripoti, WhatsApp hupokea jumbe tano za mwisho ulizomtumia, na hapo ndipo maneno yako yanaweza kusomwa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho. Mwalimu anafundisha masomo ya ziada mtandaoni na ana wazazi 180 kwenye simu yake. Ameweka zana ya nje yenye kazi mbili: kumjibu kila mzazi papo hapo kwa ujumbe uleule, na kutuma kikumbusho cha kipindi kila Ijumaa saa moja jioni. Ijumaa ya tatu, jumbe 180 zinazofanana zinatoka ndani ya dakika nne. Baadhi ya wapokeaji hawajahifadhi namba yake, na wawili wanabonyeza kitufe cha kuripoti wakidhani ni tangazo. Kabla ya kulala, namba imefungwa. Mwalimu hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila ukitazama mwenendo peke yake, huwezi kumtofautisha na mtu anayesambaza matangazo ya bahati nasibu.

Funga mlango ambao zana iliingilia

Hatua hii wengi huiruka, kisha wanafunguliwa na kufungwa tena baada ya siku mbili. Zana za nje huingia kwa milango mitatu, na kila mmoja unafungwa kwa namna yake.

Mlango wa kwanza ni ule wa kuskani msimbo wa mraba, kana kwamba unaunganisha kompyuta. Zana inakaa kwenye seva ya watu wengine na kujifanya kifaa chako. Wakati umefungiwa huwezi kufika kwenye orodha ya vifaa, kwa hiyo anzia upande wa zana yenyewe: ingia kwenye ukurasa wao, zima majibu ya kujiendesha, na futa foleni ya jumbe zilizopangwa. Foleni hiyo usiichukulie kimzaha. Ukirudishiwa namba na zana ikaunganishwa tena, jumbe zilizokwama zinaweza kutoka zote kwa mkupuo.

Mlango wa pili uko kwenye simu za Android na hauonekani kabisa ndani ya WhatsApp. Programu nyingi za kujibu zenyewe hupewa ruhusa ya kusoma arifa. Ujumbe ukiingia, programu inasoma arifa na kujibu kupitia arifa hiyohiyo. Fungua mipangilio ya simu, tafuta `Notification access` (kwenye baadhi ya simu iko chini ya `Special app access`), kisha iondolee ruhusa.

Mlango wa tatu ni wa programu za kupanga muda. Hizi hutumia huduma iliyokusudiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu, `Accessibility`, ili kubonyeza kitufe cha kutuma kwa niaba yako. Zima ruhusa hiyo, kisha ondoa programu yenyewe. Hata bila suala la kufungiwa, ningeizima: programu yenye ruhusa hiyo inaweza kuona karibu kila kinachopita kwenye skrini, pamoja na benki yako.

Mwalimu wetu alikuwa ameskani msimbo, kwa hiyo kazi yake ni kufuta foleni na kufunga akaunti yake kwenye zana. Apige picha ya skrini inayoonyesha kwamba imezimwa, akaandike pia tarehe na saa.

Kutuma ombi lenyewe

Fungua WhatsApp kwenye simu yenye laini ya namba iliyofungwa. Bonyeza `Request a review`. Utatumiwa msimbo wa tarakimu sita kwa SMS ili kuthibitisha kwamba namba ni yako. Uandike ndani ya programu na si kwingineko. Kisha utapata nafasi ya kuongeza maelezo ya kutetea ombi lako, halafu utume. Kama kitufe hakionekani, hakikisha kwanza unatumia toleo rasmi na la sasa, kisha jaribu fomu ya mawasiliano iliyo kwenye `whatsapp.com/contact`, ukiandika namba kamili ikianza na msimbo wa nchi.

Nafasi ya maelezo ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Watu huandika kwamba wameonewa, kwamba hawajui kosa lao, au kwamba biashara yao inakufa. Tatizo ni kwamba masharti ya WhatsApp yanakataza kutuma ujumbe kwa wingi na kwa kujiendesha nje ya njia walizoziruhusu. Ukisema hukufanya lolote, na kumbukumbu zao zinaonyesha jumbe 180 kwa dakika nne, umejimaliza mwenyewe. Sema ukweli kwa ufupi: nini kilitumika, kwa nini, kimezimwa lini, na sasa utafanyaje. Mwalimu anaweza kuandika hivi:

> Mimi ni mwalimu na ninatumia namba hii kuwasiliana na wazazi wa wanafunzi wangu. Nilitumia zana ya nje kujibu ujumbe na kutuma kikumbusho cha kipindi. Ijumaa jioni ilituma ujumbe unaofanana kwa wazazi 180. Sikujua kwamba ni kinyume cha masharti. Nimeiondoa zana na kufuta jumbe zote zilizopangwa. Sitaitumia tena, nitatumia majibu yaliyomo ndani ya WhatsApp Business. Naomba akaunti yangu ipitiwe upya.

Sentensi fupi, hakuna vitisho, hakuna hadithi ya maisha. Ukishatuma, skrini itakuonyesha kwamba mapitio yanaendelea, na jibu utalisoma hapohapo ukifungua programu. Usitume ombi lilelile mara kumi.

Katika kipindi hiki ndipo matapeli hujitokeza, wakidai wana mtu wa ndani wa kufungua namba kwa malipo. Wanachotaka ni ule msimbo wa tarakimu sita. Ukiwapa, namba ikifunguliwa itafungukia mikononi mwao.

Ukifunguliwa

Kabla hujamjibu mtu yeyote, ingia `Linked devices` na uondoe kila kifaa usichokitambua. Kisha nenda taratibu. Usiwatumie watu wote 180 ujumbe wa kuomba radhi kwa mkupuo. Huo nao ni ujumbe unaofanana unaokwenda kwa watu wengi, kosa lilelile kwa nguo nyingine.

Kwa kazi nyingi ndogo, programu ya WhatsApp Business ina unachohitaji bila zana ya nje. Chini ya `Business tools` kuna `Greeting message`, inayomjibu anayekuandikia kwa mara ya kwanza au baada ya siku 14 za kimya, na `Away message`, unayoweza kuipanga itumwe nje ya saa za kazi. Kwa mwalimu, ya pili inatosha kabisa kwa usiku. Kikumbusho cha Ijumaa anaweza kukiweka kwenye kundi la wazazi wenyewe, ujumbe mmoja badala ya 180.

Anayehitaji kweli majibu ya kujiendesha kwa watu wengi njia yake ni WhatsApp Business Platform, ambayo ni huduma tofauti na programu ya simu. Huko roboti imeruhusiwa, ila ina mipaka: unamjibu mtu kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu aliponena mara ya mwisho. Zikipita, unatumia tu ujumbe wa kiolezo ulioidhinishwa, na kwa mtu aliyekubali kuandikiwa.

Ukikataliwa

Inatokea, hasa kwa namba iliyoripotiwa na wengi. Unaweza kuanza na namba nyingine, lakini usiirudishe zana ileile. Mfumo hukagua tangu wakati wa kusajili, ukiangalia kama mtandao unaotumika umewahi kuhusishwa na mwenendo wa kutiliwa shaka. Wajulishe watu wako namba mpya kwa njia nyingine, kwa SMS au barua pepe, na waombe waanze wao kukuandikia. Anayeanzisha mazungumzo mwenyewe si rahisi kukuripoti.